Neno Ambalo Kaka Hakulisema

Pale ofisini walimwita Mama Nukta, na jina lenyewe alilipenda. Kazi yake ilikuwa usuluhishi wa mashauri yaliyotoka mahakamani: watu wasiotaka hata kuonana anawaketisha vyumba viwili, yeye anakwenda na kurudi kwenye korido na ujumbe wao mkononi. Mtu akinyamaza, Mama Nukta anaweka nukta. Hata ungemlilia, hata ungempigia magoti, baada ya ile nukta haongezi kitu.

Siku hiyo aliletewa kaka na dada yake, warithi wa duka la mikate. Baba yao alilijenga tanuri kwa mikono yake, akafa, akawaachia wote wawili, na wote wawili wakashindwa kusimama chumba kimoja bila kurushiana maneno ya kuchoma. Hakimu aliwapa nafasi ya mwisho: wapatane kwa msuluhishi, na wakishindwa duka linauzwa na tanuri linavunjwa, maana mnunuzi alikuwa akitaka kiwanja tu.

Kaka, mwokaji mwenye mabega mapana na nyusi za hasira, alikaa chumba cha kushoto. Dada mdogo, mpishi wa mikate vilevile, alikaa chumba cha kulia na mkoba wake mapajani kama anayengoja kuondoka. Kwenye benchi la korido alikaa mjomba wao, mzee msafi, mpole, mwenye tabasamu la kumlainisha askari magereza. Hakuitwa na mtu, alikuja mwenyewe. Alisema amekuja kuwaombea kheri wanawe.

Mama Nukta akaanza na dada.

"Mwambie yule muongo," dada akafoka, "yule mwenye roho ya kutu, aniambie kwa nini aliniahidi kwamba nitasimamia zamu ya asubuhi! Nikaacha kazi yangu hotelini, nikaja na aproni yangu mpya, kumbe hakuna zamu wala nusu ya zamu! Amenifedhehesha mbele ya wafanyakazi!"

Mama Nukta akaandika. Matusi aliyaacha nje, maana mtu akitukanwa masikio yake yanaziba, na ujumbe unapotea. Alipomaliza akasoma kwa sauti: "'Nataka kujua kwa nini uliniahidi kusimamia zamu ya asubuhi, na nilipokuja hukunipa. Niliacha kazi yangu kwa ajili hiyo. Ulinifedhehesha mbele ya wafanyakazi, na jambo hilo liliniuma sana.' Matusi nimeyatoa. Unakubali yatoke?"

"Yatoke. Lakini hilo la kuniuma umelitoa wapi?"

"Hukusema?"

"Nimesema amenifedhehesha. Kama imeniuma, ni shauri yangu mwenyewe. Sitaki ajue, atajiona mkubwa!"

"Haya, kweli. Hilo nimelichomeka mimi." Mama Nukta hakuona haya hata kidogo. Alilikata kwa mstari mmoja, akasoma tena mpaka mwisho. "Kuna nililoongeza? Kuna nililopunguza ambalo unalitaka?"

"Hakuna. Hayo ni yangu."

Ndipo akatoka. Na hapo ujue jinsi mama yule alivyofanya kazi: karatasi haitoki chumbani mpaka mwenyewe aseme ni yake.

Chumba cha kushoto, kaka alisikiliza kwa mikono iliyokunjwa. Liliposomwa neno la ahadi alisimama hadi kiti kikaanguka.

"Ahadi gani? Zamu gani? Mimi?" Akapiga kifua. "Sijamwahidi mtu zamu! Alikuja na aproni yake kama bwana harusi, wafanyakazi wananiangalia, mimi sijui hili wala lile! Na yeye je? Alisema atakuja Jumapili kuniomba radhi. Nikangoja. Nikangoja weee! Hakuleta pua yake. Halafu mtu huyo ndiye wa kuniita muongo?"

"Hajakuita hivyo katika ujumbe huu," Mama Nukta alisema kwa utulivu.

"Namjua. Ameniita."

Mama Nukta hakuthibitisha wala kukanusha. Alinyanyua kiti, akamkalisha mtu, akaandika, akasoma: "'Sikukuahidi zamu ya asubuhi. Nami nauliza: ulisema utakuja Jumapili kuniomba radhi. Nilikungoja, hukuja. Kwa nini?'"

"Ndivyo. Peleka hivyo hivyo."

Kwenye korido mjomba alimsimamisha. Alinyanyuka, akamshika mkono kwa heshima zote, akashusha sauti. "Mama, nimesikia kiti kikianguka. Sasa naomba, tia sukari kidogo humo. Mwambie binti kwamba kaka yake anajuta, amesema samahani. Neno moja tu! Watalia, watakumbatiana, twende zetu nyumbani."

"Amesema?"

"Moyoni amesema. Mimi nimemlea, namjua."

"Mzee wangu, ya moyoni hayajafika kwenye karatasi yangu."

"Lakini kuna ubaya gani? Mimi nyumbani ndivyo ninavyofanya. Bila mimi hawa wangekwisha kuuana."

Mama Nukta akaanza kuunganisha mambo: ahadi ambayo mtoaji haijui, toba ambayo mwenyewe hajaja nayo. Moto wa hasira ulimpanda mpaka masikioni, akaumeza. Kubahatisha si kazi yake. Angeweza kumbana mzee kwa maswali pale pale, lakini wenye shauri walikuwa ndani, na hakuwa na ruhusa ya kubeba neno la chumba chochote mpaka benchini. Alimwomba akae, akaingia kwa dada.

Dada alisikia ujumbe wa kaka yake, akacheka kicheko kikavu. "Radhi? Mimi? Nimwombe radhi kwa lipi? Mama wee, mtu huyu anatunga!" Akauchukua mkoba wake. "Niambie jambo moja tu, nami nikae. Amesema samahani?"

Hapo ndipo penyewe. Tanuri zima, jasho la baba yao, mikate ya miaka yote, vilining'inia kwenye jibu moja. Ndiyo moja tu ingemkalisha yule mwanamke kitini. Mama Nukta aliitamani ile ndiyo, hilo lisemwe wazi. Alikuwa binadamu, na alikuwa amewapenda wale watu wawili wenye vichwa vigumu.

"Hajasema," alijibu. "Yote aliyotaka uyasikie, nimekusomea."

Dada akasimama. Akafika mlangoni. Akaweka mkono kwenye kitasa.

"Kabla hujatoka," Mama Nukta alisema, "nina swali langu mimi, si la kaka yako. Ile ahadi ya zamu ulimsikia nayo yeye, kwa kinywa chake?"

"Aliniletea mjomba. Tulikuwa hatuongei, mjomba ndiye..." Mkono wake ukateleza kwenye kitasa. "Mjomba ndiye anayetuletea maneno."

"Na wewe ulimtuma mjomba aseme utakuja kuomba radhi?"

"Mjomba alinisihi niombe, nikamwambia nitafikiria. Basi! Nitafikiria, siyo nitaomba radhi!"

"Unaniruhusu nimpelekee kaka yako hayo?"

Dada alikaa. Safari hii ujumbe aliutunga mwenyewe, polepole, na Mama Nukta akaandika kila neno kama lilivyotoka: "Ahadi ya zamu niliisikia kwa mjomba, sikuisikia kwako. Radhi sikusema nitaomba. Nilimwambia mjomba nitafikiria. Na wewe, habari ya Jumapili ulipewa na nani?"

Kaka aliposomewa hakusimama, hakupiga kifua. Alijishika kichwa na viganja vyake vikubwa. "Lahaula," alisema. "Na mimi niliipata kwa mjomba." Kisha akasema, bila kuulizwa, kwamba anaomba kukaa chumba kimoja na mdogo wake, na mjomba aitwe. Mama Nukta aliipeleka hiyo nayo. Dada akasema sawa.

Wakaketi meza moja. Mjomba aliingia akitabasamu, akaona nyuso zile, tabasamu likamtoka.

"Mjomba," kaka alianza, "siku ile nilipokutuma kwa huyu, nilisema nini? Maneno yangu mimi."

Mzee alitazama mikono yake. "Ulisema: 'Aje kama anataka. Kazi ipo.'"

"Nilitaja zamu ya asubuhi?"

"Hukutaja."

"Zamu ilitoka wapi?" dada aliuliza.

"Ilitoka kwangu." Mzee alimgeukia dada. "Nilijua ungeitaka. Nikasema ukisikia hivyo utakuja mbio, mkionana uso kwa uso mtajipanga wenyewe. Na ile Jumapili vilevile. Niliona kaka yako ameanza kulainika, nikasema nimsukume kidogo. Nilitaka mpendane, wanangu. Sikutaka kingine."

Hakuna aliyempigia kelele, na pengine kelele zingemwia rahisi zaidi. Mama Nukta hakumtolea hotuba. Alimsogezea glasi ya maji, na maneno akawaachia wenyewe.

"'Aje kama anataka, kazi ipo,'" dada alirudia. Machozi yalimlenga, na hakujali tena nani anayaona. "Mjomba, kwani ungeniletea hayo tu, kulikuwa na ubaya gani? Huyu ndivyo anavyosema. Siku tuliyomzika baba aliniambia 'kula', basi. Nilielewa! Ningekuja. Ningekuja bila aproni mpya, ningeuliza kazi ipi, angenijibu 'ile', na mambo yangekwisha."

"Nilidhani ni maneno makavu mno," mzee alinong'ona.

"Yalikuwa makavu. Lakini yalikuwa yake."

Mama Nukta alisubiri mzee anywe maji, ndipo akavuta karatasi mpya. Hakimu hakuwa akingoja machozi, alikuwa akingoja makubaliano. "Tuandike nini?" aliuliza.

Kaka alisema duka lisiuzwe. Dada akakubali. Mjomba, masikini, mazoea yakampanda, akainua kidole: "Andika pia kwamba wamepatana kwa furaha na hawatagombana ten..."

"Mjomba!" wote wawili walimkatiza kwa pamoja, kisha wakaangaliana, na kicheko kikawatoka wenyewe hawataki.

"Kuhusu zamu?" Mama Nukta aliuliza.

Dada akamgeukia kaka yake. "Zamu ya asubuhi naitaka. Sijaahidiwa. Naiomba."

Hakuna aliyemsaidia kaka kutafuta jibu. "Siwezi kukwambia ndiyo leo," alisema hatimaye. "Yupo fundi anayeisimamia, sijazungumza naye. Nikizungumza naye nitakujibu."

Jibu lile halikuwa na hata chembe ya sukari. Dada alilisikiliza mpaka mwisho, mabega yake yakashuka kwa mara ya kwanza tangu aingie jengo lile, akaitikia kwa kichwa. Mama Nukta akaandika hivyo hivyo: duka haliuzwi, dada anarudi kazini, suala la zamu ya asubuhi halijaamuliwa. Akasoma. Wakasema ni yao. Wakatia saini.

Alipokuwa akifunika kalamu, aliuliza alivyozoea kuuliza kila mara kabla ya kuagana. "Kuna ujumbe mwingine wa kupeleka?"

"Upo," kaka alisema. "Lakini huu usiuandike." Alikigeuza kiti chake mpaka magoti yake yakamkabili mdogo wake, akakohoa, akatazama chini, akatazama juu. "Ile Jumapili nilifunga duka mapema. Nilipanga viti viwili uani. Hukuja, nikaumia, mdogo wangu. Na kukuacha usimame pale na aproni yako, watu wakikutazama, nikanyamaza tu kama gogo... samahani."

Dada alikifuta kidevu chake kwa nyuma ya mkono.

"Na mimi iliniuma," alisema.