Mikono ya Kushoto

Asubuhi ya ukaguzi, mkuu wa shule, Directeur Nkulu, aliingia kwenye deuxième yangu, darasa la pili, bila hodi.

"Batoto, inspecteur akikuya, kila swali, wote munainua mukono. Mwenye anajua, kulia. Mwenye hajue, kushoto." Akanigeukia. "Citoyenne Mianda, utaita ba kulia tu. Ukiniharibia, utaenda kufundisha ku Musumba."

Musumba ni mbali, barabara mbovu, na mume wangu anafanya kazi mgodini hapa Kolwezi. Nilikuwa na mtoto anayenyonya. Niliogopa, sifichi. Lakini hasira ilinipanda kuliko woga: somo la siku hiyo lilikuwa ukweli! Nikaitupilia mbali hadithi niliyoandaa, nikatunga nyingine papo hapo.

Inspecteur alipoketi nyuma na Nkulu, nikaanza. Kanga aliibiwa unga wa muhogo. Akawaambia wanyama, "Ambaye hakula unga wangu ainue mkono." Wote wakainua. Mbweha alificha nyuma mkono wenye unga, akainua ule safi. Hakutamka neno.

"Mkono wenye unga ulikuwa wapi?"

Mikono yote juu. Nkulu akatabasamu. Nikamwita Kisimba, aliyeinua wa kulia, akajibu, "Nyuma, Mama."

"Mbweha alisema bongo?" Kwetu uongo huitwa bongo.

"Hapana, Mama. Alinyamaza."

Sikumsahihisha. Nikauliza, "Kanga alifikiri nini?"

"Eti Mbweha hakukula."

"Nani alimfanya afikiri hivyo?"

Mikono ikapanda tena. Mbombo, kwenye dawati la mbele, akautazama mkono wake wa kushoto ulio juu. Akaushusha polepole. Mwenzake akamtazama, naye akashusha. Nusu ya mikono ya darasa ikashuka.

Inspecteur akasimama. "Wewe, mutoto, juu ya nini unashusha?"

Mbombo akanitazama. Sikumpa hata ishara.

"Mukono yangu ilikuwa inasema bongo, Tata. Sawa ya Mbweha. Directeur alisema mwenye hajue ainue kushoto. Swali ya kwanza, mi sikujua."

Nkulu akakohoa. Mimi nikaendelea na kazi, maana sasa ndipo nilipojua nani hakuelewa. Nikawaita mbele walioshusha mikono, wakaigiza hadithi, Mbombo akiwa Mbweha. Nikauliza upya mkono wa unga ulikuwa wapi, na kwa nini Kanga alidanganyika. Wakajibu, kila mmoja kwa maneno yake. Siku nyingine wangeniimbia tu, "Bongo ni mubaya!"

Inspecteur aliandika, akafunga kalamu, akaondoka.

Nkulu alinisubiri mlangoni. Watoto walikuwa bado kwenye madawati, wananitazama.

"Citoyenne, unajua kwenye utaenda?"

Nikainua mkono wa kulia.