Ungavumeli

Jairus alikuwa na wimbo mmoja tangu tuachane: Kemunto hawezi. Hawezi kuendesha gari kwenye theluji, hawezi kusoma barua ya bima, hawezi kulea mtoto peke yake Marekani. Alikuwa amemwimbia mpaka wakili wake, na wakili akauandika vizuri kwa ajili ya mahakama. Jumatatu ile jaji angeamua Natasha, binti yetu wa miaka sita, akae kwa nani. Mimi nilikuwa nimeapa kwamba Jairus hatamchukua mwanangu kwa wimbo.

Jumapili alimrudisha mtoto kwangu, hapa Coon Rapids. Alisimama mlangoni na koti lake jipya, akaomba simu yangu aniwekee picha alizompiga Natasha wakicheza kwenye barafu. Nikampa. Usiniulize kwa nini. Mtu uliyeishi naye miaka tisa anajua namba yako ya siri, na mkono wako umezoea kumpa. Alipomaliza alinirudishia akitabasamu, nami sikuitazama. Nilikuwa nachelewa kazini kwenye nyumba ya wazee, na pale simu hufungiwa kwenye kabati mpaka zamu iishe.

Asubuhi, nikiwa ndani ya gari, niliifungua nikadhani nimechukua simu ya mtu mwingine. Picha ya ukutani ilikuwa yangu, lakini maneno yote yalikuwa ya lugha nisiyoijua. Nilipobonyeza alama ya gurudumu lenye meno, ile ya mipangilio, juu palikuwa pameandikwa *Izilungiselelo*. Nilimlaani Jairus kwa Kigusii, maana kuna laana ambazo Kiswahili hakina nguvu za kuzibeba.

Ningeweza kumpigia. Hilo ndilo alilotaka, nimpigie nimwombe, halafu ajifanye hajui nasema nini. Afadhali ningekula ile simu.

Nilipofika nyumbani Vestine alikuwa jikoni kwangu. Ni jirani yangu kutoka Kongo, na ndiye hulala na Natasha nikiwa zamu ya usiku. Simu yao nzuri mumewe Ntwali alikuwa ameenda nayo kazini Inver Grove Heights, na yake yeye ilikuwa ya kupiga na kupokea tu. Kesi ilisikilizwa kwa video, kiungo cha mahakama kilikuwa kwenye simu yangu, na muda ulikuwa umefika. Nikakibonyeza hivyo hivyo.

Programu ya mkutano ilifunguka. Sikuwa nimewahi kuitumia. Mara kikatokea kisanduku chenye alama ya kamera na maneno ya kuchagua mahali pa kubonyeza. Ya juu yalikuwa marefu kama jina la dawa. La chini lilikuwa neno moja: *Ungavumeli*.

Neno hilo nililijua, au nilidhani nalijua. Nilikuwa nimeambiwa vumilia na mama, na mchungaji, na shangazi wote wa Kisii, kila nilipowaambia mume wangu ananitesa. Nikaona simu nayo inaniambia vumilia, na kwa mazoea nikatii. Kikaja kisanduku kingine, hiki kikiwa na alama ya kipaza sauti, na chini neno lile lile. Nikavumilia tena.

Niliingia. Nilimwona jaji, mama mwenye mvi na miwani. Nilimwona Jairus na tai yake, wakili pembeni. Mimi nilikuwa kisanduku cheusi chenye jina.

"Bi Kemunto, unatusikia?" jaji akauliza.

Nilijibu. Nilipiga kelele. Kumbe nilikuwa napigia kelele meza.

"Mheshimiwa," Jairus akasema kwa Kiingereza chake cha kanisani, "hili ndilo ninalolisema. Simu tu inamshinda. Mtoto akiugua usiku itakuwaje?"

Sijawahi kuchukia mtu hivyo. Lakini alama ya kiputo cha maneno ni ile ile kwa kila lugha, nikaibonyeza nikaandika: *Nawasikia. Simu yangu imebadilishwa lugha. Naomba dakika chache.*

Karani akausoma ujumbe kwa sauti. Jaji akasema watanisubiri, lakini si sana.

Nikarudi kwenye gurudumu. "Mama Natasha, tulia," Vestine akasema. Alichungulia juu ya bega langu. Tukashuka orodha ile, tukipita alama moja moja: mawimbi ya wayfai, betri, spika, kufuli. Chini kabisa palikuwa na duara lenye herufi *i* ndani, na maneno madogo chini yake: *Izilimi, ukuthinta, isikhathi...*

"Hiyo ya kwanza," nikasema, "ni kama ndimi. Ulimi. Sasa simu ina ulimi wapi?"

Vestine akapiga kofi. "Ee Mungu! Kwetu lugha na ulimi ni neno moja, ururimi! Finya pale, mama, finya!"

Nikabonyeza. Ndani, mstari wa kwanza ulikuwa na alama ya dunia, na hizo *izilimi* tena. Nikaingia, nikabonyeza za juu, nikafika kwenye orodha ya lugha. Moja: *isiZulu*. Mbili: *English (United States)*, kimeandikwa kwa Kiingereza chenyewe, maana kwenye orodha ile kila lugha hujiita kwa jina lake. Chini palikuwa na alama ya kujumlisha na maneno *Engeza ulimi*.

"Ongeza lugha," tukasema pamoja. Hatukuwa na haja ya kuongeza. Pembeni mwa Kiingereza kulikuwa na vistari vya kukishikia. Nikakishika, nikakiburuta juu ya Kizulu. Simu ikauliza swali la mwisho, na majibu mawili: *Khansela* na *Shintsha*.

"Kansela ni kuacha," Vestine akasema. "Finya ile ingine."

Kiingereza kikarudi chote kwa mpigo. Nikaenda kwenye ruhusa za programu ile, na hapo nikaona nilichokuwa nimefanya. Kamera: hairuhusiwi. Kipaza sauti: hakiruhusiwi. Kumbe *ungavumeli* maana yake ni usiruhusu. Nikaruhusu vyote viwili, nikarudi mkutanoni.

"Sasa tunakuona," jaji akasema. "Nini kilitokea?"

"Mheshimiwa, jana nilimpa mume wangu wa zamani simu yangu aniwekee picha. Baada yake hakuna mwingine aliyeigusa. Ilirudi ikiwa katika lugha nisiyoisoma."

Sikuitaja lugha. Si kwa ujanja, ni hasira tu.

Jairus akacheka. "Uongo mtupu, Mheshimiwa! Mimi niweke simu ya mtu Kizulu ili iweje? Mimi mwenyewe Kizulu sikijui!"

Wakili wake akafumba macho. Nilimwona vizuri akiyafumba.

Jaji alivua miwani. "Bwana," akasema polepole, "nani hapa ametaja Kizulu?"

Jairus akasema pengine nilikuwa nimeandika. Karani akausoma ujumbe wangu tena, neno kwa neno. Jairus akasema basi alikisia. Jaji akamuuliza duniani kuna lugha ngapi. Waswahili walisema mdomo huponza kichwa, na mimi nilikuwa nimekaa mstari wa mbele nikikiangalia kichwa chenyewe kikiinama.

Natasha anabaki kwangu, jaji akasema. Baba atamwona Jumamosi, mbele ya msimamizi, mpaka mahakama ielewe ni mtu wa namna gani anayemfungia mama wa mtoto wake mawasiliano usiku wa kuamkia kesi.

Nikacheka. Sikucheka cha adabu, nilicheka cha sokoni, mpaka Vestine akanivuta mkono akininong'oneza kwamba kipaza sauti kiko wazi, wote wananisikia, Jairus ananisikia. Nilijua. Nilikiacha wazi.