Prado Iliyofunikwa Shuka

"Rudisha hiyo katoni juu, Dekow."

"Siirudishi. Basi la Wajir linapakia sasa hivi."

"Lipakie. Hiyo taa si ya gari la Bishar."

Kaka yangu aliikumbatia katoni kana kwamba nataka kumnyang'anya mtoto. Sisi wawili tunauza vipuri hapa Garissa. Yeye anajua wateja, mimi najua magari, na kila siku tunagombana kuhusu hayo mawili.

"Abaayo Arbia, dada yangu, gari la Bishar ni Prado ya 2018. Alilitaja mbele ya wazee siku ya posa. Nilikuwepo."

"Na mimi nina picha."

Bishar ndiye atakayemwoa binti yangu Nasteho. Nikaah ni Ijumaa, hapa mjini. Anatoka Eldas, huko Wajir, na ndugu zake kwa gari hilo, na safari yao ni ya usiku. Jana ngamia aliivunja taa ya kushoto. Pasipo taa hakuna safari, na taa isiyo yake haiingii hata ukiisukuma kwa kiatu.

Picha ya gari Bishar alimtumia Dekow, si mimi. Ilionyesha taa nzima ya kulia na nusu ya grili. Kwingine kote kulifunikwa shuka, nambari ya usajili pia. Chini aliandika, akimwita abti, yaani mjomba: "Abti, naogopa jicho la watu. Utajua mwenyewe."

"Jicho," nilisema. "Ngamia keshamaliza kazi, sasa anaogopa jicho."

"Mcheke tu. Gari jipya hutazamwa sana."

"Si jipya. Njoo uone." Niliikuza picha. "Angalia fito za grili. Zile nene zilizosimama. Fito za 2018 zina mwanya katikati, unaweza kuingiza ukucha. Hizi ni nzima."

"Labda ni vumbi."

"Vumbi la Eldas halijui kuziba kwa mstari. Sasa angalia taa. Huku upande wa grili, ncha yake ya chini inashuka kuelekea bampa kama chozi. Ya 2018 haina chozi hilo. Ya 2010 pia haina. Sura hii ilianza mwishoni mwa 2013 ikafika 2017. Mwaka wenyewe siwezi kukutajia, maana hiyo miaka yote uso ni mmoja na taa ni moja. Lakini 2018 si yenyewe."

Dekow alitazama, akarudi nyuma, akatazama tena. Hakuiachia katoni.

"Basi mpigie Bishar," alisema. "Mwenye gari ndiye atakayetuambia."

Nilimpigia kwa simu ya Dekow, nikaweka spika ili sote tusikie.

"Abti, vipi, umeshaituma?" Bishar aliuliza kwa uchangamfu.

"Ni mimi, mama yake Nasteho. Prado yako ni ya mwaka gani?"

Kwetu kijana hukwepa kuzungumza na soddoh wake, mama mkwe, hata mambo ya kawaida. Nilisikia mbuzi na upepo.

"2018, soddoh," alisema kwa sauti ndogo sana. Simu ikakatika.

"Umesikia?" Dekow alisema. "Mtu ametaja kwa mdomo wake."

"Mdomo wake hauwaki usiku."

Kabla hajanijibu, ujumbe uliingia: "Abti, wallahi, angalia picha vizuri. Ile ncha ya taa. Usimwambie soddoh."

Dekow aliusoma mara mbili. Kisha akaiweka katoni juu ya meza polepole.

"Alitudanganya mbele ya wazee wote wale," alisema. "Mkwe gani huyu? Tumwache akae huko gizani ajifunze?"

Niliwaza kidogo. Kijana alikuwa amekaa mbele ya wazee kumi na kitu, kila mmoja akimwuliza ana nini. Wewe mwenyewe, Dekow, siku yako ya posa ulisema una ng'ombe Bura, na mpaka leo hatujawaona. Hilo nilimwambia kwa sauti.

"Wale ng'ombe walikuwepo," alisema, akitazama mlango.

"Sawa. Na binti yangu hatangoja bwana harusi kwa sababu ya miaka ya gari. Huyo kijana nitamwonyesha ninachojua, kisha nitampikia wali."

Nilipanda ngazi mwenyewe, nikashusha taa ya kushoto yenye ncha ya chozi. Nikailinganisha na picha, kushoto kwa kulia, nikaifunga kwa magunia mawili ndani ya katoni yake kwa ajili ya mashimo ya njiani. Juu ya katoni niliandika kwa kalamu nene: "Bishar, Eldas. Prado mwisho wa 2013 hadi 2017. Kutoka kwa soddoh, ambaye pia anaona."

Dekow alicheka hadi akashika meza. Nikamwekea katoni mabegani, naye akakimbia nayo basini.