Upande wa Kushoto wa Ubao

Mke wa Mwalimu Nusu alimvizia mkuu wa idara kwenye korido ya chuo, kabla kengele ya kipindi haijalia.

"Mwanangu, nakuomba. Leo mwache tu afundishe. Ukimtoa darasani utakuwa umenizikisha mtu."

"Mama, hakuna anayemtoa. Nimeambiwa nikae nyuma nimwangalie kipindi kimoja, nisaini kwamba yuko tayari, basi. Si daktari amesema kiharusi kimepita, mkono umerudi na maneno yamerudi?"

"Yamerudi. Anaongea kuliko zamani. Hata ndevu leo nimemnyoa mimi mwenyewe, ili atoke nadhifu."

Mkuu wa idara alicheka kidogo. Aliona ni mapenzi ya watu wazima. Yeye mwenyewe, akiwa msichana, alifundishwa kompyuta na mzee huyo, kwenye chumba hikihiki anachokwenda kukaa leo kama mkaguzi, na tangu barua ya ukaguzi imfikie hakuwa amelala vizuri. Alichotaka ni kimoja tu: mzee afundishe salama, yeye asaini, mambo yaishe.

Darasa lilimpokea Mwalimu kwa vifijo. Jina la Nusu alilipata kwa sababu ya msemo wake: tatizo likikushinda, likate nusu kwa nusu mpaka liwe dogo la kumezeka.

"Mwalimu Nusu karudi mzima!" mmoja alipayuka kutoka nyuma.

"Na wewe umerudi na mdomo uleule," Mwalimu akajibu, na darasa likaangua kicheko. Mkuu wa idara alishusha pumzi. Huyu ndiye. Ni yuleyule.

"Leo tunapanga namba," Mwalimu alisema. "Kutoka ndogo hadi kubwa, kwa njia ya kugawa na kuunganisha. Nipeni namba nane, ovyo ovyo."

Wakamtajia, naye akaandika juu ya ubao kwa chaki, mwandiko wake mzuri uleule:

6 2 9 4 7 1 8 3

"Nane hizi zinanitisha. Nafanyaje?"

"Nusu kwa nusu!" darasa zima.

Akachora mistari miwili ikiteremka kama miguu iliyotanuliwa. Chini ya mmoja akaandika 6 2 9 4, chini ya mwingine 7 1 8 3. "Nne bado nyingi. Nagawa tena. Na kumbukeni, mashine haigawi pande zote kwa pamoja. Inashuka na upande wa kushoto mpaka chini kabisa, inaumaliza, ndipo inagusa wa kulia. Kwa hiyo naanza kushoto."

Chaki ikaenda kulia.

Mkuu wa idara alidhani amekosea kuona. Mwalimu alikuwa ameishika 7 1 8 3, anaigawa: 7 1 huku, 8 3 kule. Kisha akashuka ngazi ya mwisho, kila namba peke yake, 7, 1, 8, 3. Ile 6 2 9 4 ilining'inia juu haijaguswa, na chini yake ubao ulikuwa mtupu.

"Tumefika chini. Namba ikiwa peke yake haina wa kugombana naye, imeshapangika. Sasa tunapanda tukiunganisha. Unatazama namba ya mbele ya kila kundi, iliyo ndogo inatangulia." Akaunganisha 7 na 1, akaandika 1 7. Akaunganisha 8 na 3, akaandika 3 8. Akapanda tena, huku akisema kwa sauti: "Moja na tatu, inatangulia moja. Saba na tatu, inatangulia tatu. Saba na nane, saba. Imebaki nane, inaingia yenyewe."

1 3 7 8

Akapiga mstari chini yake na kufuta vumbi mikononi. "Tayari. Zimepangika zote."

Msichana mmoja wa mbele aliinua mkono, akaushusha. Wote waligeuka kumtazama mkuu wa idara, na hapo ndipo naye alipoielewa ile habari ya ndevu: mzee akijinyoa mwenyewe, shavu la kushoto analiacha.

Angeweza kunyamaza. Kipindi kilikuwa kinakwisha, fomu iko mapajani, na mzee pale mbele alikuwa anatabasamu. Lakini wanafunzi hawa wana mtihani, na mwakani watakuja wengine. Akasimama.

"Mwalimu, samahani. Ziliingia namba ngapi?"

"Nane, Mama Mkuu. Umeshasahau kuhesabu?"

"Na mstari wa mwisho zimetoka ngapi?"

Akageukia ubao, akahesabu kwa kidole. Kidole kilipofika mwisho kikarudi kuanza upya. Alihesabu tena na tena.

"Nne," alisema. "Haiwezekani. Njia hii haipotezi namba. Nani amefuta?"

"Hakuna aliyefuta. Ziko kushoto kwako. Geuza kichwa, Mwalimu. Zaidi. Zaidi kidogo."

Aligeuza shingo, kisha mabega, mpaka mwili wote ukafuata, akaiona 6 2 9 4. Alishtuka kama mtu aliyekuta mgeni chumbani mwake. Akarudi kutazama mbele, na mkuu wa idara akaona macho yake yakitafuta: zilikuwa zimetoweka tena.

"Naomba nijaribu," alisema, polepole. "Wewe binti, njoo unimalizie hilo kundi."

Msichana wa mbele alikwenda ubaoni. Akagawa mpaka chini, akaunganisha 2 6 na 4 9, kisha 2 4 6 9. Vizuri kabisa. Ulibaki muunganiko wa mwisho: makundi mawili ya namba nne, kila moja limepangika. Kinachotakiwa ni jicho kwenda huku na kule, kulinganisha za mbele.

Mwalimu aligeuza mwili, akasoma, "Mbili." Akageuka kulia, akasoma, "Moja. Inatangulia moja." Akaandika 1. Kisha akasimama sana, chaki imegusa ubao. Mdomo wake ulikuwa unasema geuka, geuka, bila sauti. Akaandika 3. Akaandika 7. Akaandika 8.

"Sasa?" aliuliza, bila kumtazama mtu.

Mkuu wa idara alitaka kusema uongo, na uongo haukuja. "Zimetoka nne, Mwalimu."

"Nilikuwa najua. Ndiyo ubaya wake. Nilikuwa najua kwamba zipo na bado nimeziacha." Aliiweka chaki chini. "Andika unachotakiwa kuandika. Usinionee haya. Hawa nao wana haki ya namba zote nane."

Darasa lilitoka mmoja mmoja, kama watu wanaotoka wodini. Mkuu wa idara alibaki na fomu. Chini ya maneno "anafaa kuendelea kufundisha" aliandika hapana. Alipoinua uso, mke wa Mwalimu alikuwa ameshaingia. Alikuwa amesimama kando ya mume wake, upande wa kushoto, ameushika mkono wake kwa mikono yake yote miwili.

"Nimechoka," Mwalimu alisema, akitazama mlango. "Mwite mke wangu, tafadhali. Anichukue nyumbani."

Yule mama aliuachia mkono ule, akazunguka nyuma ya mgongo wake, akatokea upande wa kulia.

"Niko hapa, baba," akasema. "Twende."