Dola Zilizorudi Pungufu

Fundi viatu aliapa mbele ya dirisha la benki kwamba hakuliwa hata senti. Aliingiza laki tatu za jiwe la kaburi la mkewe kwenye mtandao wa kubeti wa ng'ambo, zikawa dola mia na kumi. Akaliwa kidogo, akarudisha, roho ikamsuta, akazitoa zote mia na kumi. Sasa akaunti ilisoma laki mbili na nusu.

"Baba, kwenye kubeti kweli hukuliwa," karani alisema kwa upole. "Wakati wa kwenda tulikuuzia dola kwa bei ya juu, na ada juu yake. Wakati wa kurudi mtandao umekata dola kumi za kutuma, nasi tumezinunua kwa bei ya chini."

"Mbona hamkuniambia?"

"Iko kwenye masharti, baba."

"Masharti mnayaandika kwa herufi za sisimizi! Wakubwa wenu wanakula mpaka wafu."



Fundi akaenda moja kwa moja kwa mchonga mawe, ambaye hutoza kwa kila herufi. Wakahesabu herufi mara mbili; pesa hazikutosha.

"Toa 'mke mpendwa'," fundi alisema. "Acha jina tu. Mwenyewe anajua."