Kazi ya Goma Iliyoingia kwenye CV ya Yasmina

Hoteli moja ya kando ya ziwa ilikuwa inatafuta mtunza stoo. Tangazo lilidai shahada na uzoefu wa angalau mwaka mmoja. Uwingabire Yasmina alikuwa na shahada, na stage, yaani mafunzo ya kazi, ya miezi mitatu katika stoo ya hoteli nyingine. Aliomba hivyo hivyo, na barua pepe ikaja kumwita kwenye mtihani. Mama yake, mshonaji wa pale Gisenyi, aliwatangazia wateja wote waliokuja kupimwa siku hiyo.

Ili kujiandaa, Yasmina alifungua CV yake kwenye simu. Ilikuwa imechapwa na kutumwa na Protais, mwenye sekretarieti, kibanda cha kuchapa na kutuma nyaraka, karibu na mpaka wa Rwanda na Kongo, saa za mwisho za kupokea maombi. Kwenye ukurasa wa pili, chini ya stage yake, palikuwa na kazi asiyoijua: mtunza stoo, kampuni ya vinywaji, Goma, mwaka mmoja na zaidi. Palikuwa na jina la mdhamini pia, na namba yake.

Alikwenda kwa Protais.

"Hii ni ya nani?"

Protais alisogeza uso kwenye simu. "Ah. Bon. Ile siku watu walikuwa wengi. Mi nachukua CV ya mutu wa mbele, naandika yako juu yake. Hii haikufutika."

"Kumbe wameniita kwa sababu yake."

"Basi si muzuri? We nenda ufanye mtihani. Nani iko na muda wa kuuliza Goma?"

"Na wakiniuliza mimi kwenye interview?"

"Utasema ulisahau." Alicheka, kisha akaona kwamba Yasmina amekasirika. "Dada, usitaje jina yangu basi. Niko na wateja."

Yasmina hakulitaja. Alimwomba afute mistari ile mbele ya macho yake, akasoma kurasa zote mbili mpaka mwisho, akaichukua CV iliyosahihishwa. Ujumbe aliuandika mwenyewe kwa Kiingereza, kama tangazo lilivyotaka. Kwa Kiswahili ulisema hivi:

"Kuhusu: Marekebisho ya CV, nafasi ya mtunza stoo, Uwingabire Yasmina.

Bi Connie, asante kwa kuniita kwenye mtihani. Nimegundua kosa katika CV niliyotuma. Ukurasa wa pili unaonyesha kwamba nilifanya kazi katika kampuni ya vinywaji Goma. Sikufanya kazi huko, na mdhamini aliyetajwa hapo hanijui. Mistari hiyo ni ya CV ya mtu mwingine na ilibaki wakati yangu inachapwa. Nilipaswa kuisoma kabla haijatumwa, naomba radhi. Uzoefu wangu ni stage ya miezi mitatu tu. Naambatanisha CV sahihi. Tafadhali itumieni badala ya ile ya kwanza. Kama marekebisho haya yanabadilisha uamuzi wenu, nitaelewa."

Aliusoma mara ya pili. Sentensi ya mwisho haikuwa kweli kabisa, lakini aliiacha. Akatuma.

Connie, ofisa wa ajira wa hoteli, alimpigia kesho yake asubuhi. Alikulia Uganda, na Kiswahili chake kilikwenda polepole.

"Yasmina, nimepata email yako. Kuna mtu amekwambia uandike?"

"Hapana, madam."

"Okay. Mimi nilikuwa na CV mbili zenye kazi moja, tarehe moja, mdhamini mmoja. Meneja alitaka niziondoe zote mbili. Alisema hawa wameiba, hatuwezi kujua nani kamwibia nani."

Yasmina aliisogeza simu karibu zaidi na sikio.

"Sasa tunajua. Nimempigia mdhamini, amethibitisha. Yule mwenzako anabaki kwenye orodha. Jina lake siwezi kukupa."

"Na mimi?"

"Wewe hufikii mwaka mmoja. Nikikubakiza kwenye orodha, lazima niwaite wote wenye miezi mitatu, na ni wengi. Nitakuandikia rasmi leo. Tukitangaza nafasi za stage, omba, lakini kwa CV hii ya pili."

"Nimeelewa, madam. Asante."

Safari hii neno hilo lilikuwa karibu kweli. Alibaki ameshika simu, akimfikiria yule mtu ambaye pengine alikuwa anasoma kwa ajili ya mtihani bila kujua kwamba jina lake lilikaribia kufutwa.

Katika chumba cha mbele, mama yake alikuwa anakata kitambaa. Mkasi ulisimama.

"Ni wale wa hoteli? Wanasema nini?"

"Siendi tena kwenye mtihani, mama. Nimewaambia ile kazi ya Goma si yangu."

"Yaani wamekufukuza?"

"Sikuwa nimeingia."

Mama aliuweka mkasi mezani. "Bon. Mi ndiye nitawaambia wateja. We leta pasi."