Mkate Ulioumuka Bila Hamira

Mimi kutulia sijui, na siku hiyo ndiyo kabisa. Nilikuwa nimeshasaga mchele na tui zito na iliki, maana harusi ya kwa Bi Fahima kule Kilindoni ilikuwa inasubiri mikate ya kumimina kutoka kwangu Ndagoni. Mume wangu Shaabani akaingia na dumu lake, katoka mnazini.

"Tembo tamu hili, Mama Ilyas. Tia badala ya sukari."

Akajimiminia kikombe, akanywa mbele yangu, akafuta mdomo. Nikamtazama mpaka akacheka.

"Nimetia chokaa, mke wangu. Usinikodolee macho."

Nilikuwa na haki ya kumkodolea. Shaabani ni mgema, na kwa miaka mingi alikuwa akilewa kile anachokigema mwenyewe. Talaka mbili amenipa kwa ulevi huo. Zote mbili alinirejea analia, nami nikarudi kwa sababu nampenda, hilo silifichi. Ramadhani iliyopita akaapa mbele ya Sheikh Abubakari: akinywa kilevi tena kwa kujua, mimi nimeachika. Hiyo ingekuwa talaka ya tatu, na ya tatu haina kurejeana. Maneno "kwa kujua" aliyatia sheikh, maana mgema naye anaweza kukosea. Tangu hapo Shaabani anatia chokaa katika vibuyu vya kugemea, ili tembo lisichachuke, libaki tamu la kuchemshia asali.

Nikatia vikombe viwili kwenye mchele, nikakoroga, kisha nikafungua kopo la hamira. Tupu. Dukani wamefunga, watu wako kwenye swala ya Ijumaa. Nikakimbilia kwa jirani yangu Zubeda kuazima, naye hamira yake imefungiwa na mwanawe, na mwanawe yuko msikitini. Nikakaa, nikasimama, nikakaa tena, mpaka Zubeda akaniuliza kama nimekalia siafu.

Niliporudi na hamira kwenye pindo la kanga, jua lilikuwa limeshapinda. Shaabani naye alikuwa ametoka kuswali, amekaa uani ananoa kisu. Nikafunua sufuria.

Uji wa mchele ulikuwa umeumuka hadi ukingoni. Juu umejaa mapovu, yanapasuka moja moja, na harufu yake inapanda puani.

Hamira nilikuwa nayo mkononi, sijaitia. Mpishi wa mikate hahitaji kuelezwa: ndani ya tembo mna hamira ya asili, vijidudu visivyoonekana, vinakula utamu na kutoa vitu viwili kwa pamoja, kilevi na hewa. Hewa ndiyo inayoinua mkate. Kama hewa ilikuwa nyingi hivi kwenye sufuria yangu, basi tembo lilikuwa hai tangu dumuni, na kilevi kilikuwemo katika kile kikombe alichokunywa.

Nikamtafutia udhuru kabla hajaomba. Labda chokaa ilikuwa kidogo. Labda kibuyu kimoja kilimponyoka. Nikatoka uani.

"Baba Ilyas, leo chokaa ulitia vibuyu vyote?"

Kisu kikaendelea na jiwe. "Vyote."

"Hakuna hata kimoja ulichosahau? Ile minazi ya mwisho, huenda ulikuwa na haraka."

Akaniangalia. "Huenda kimoja. Sikujua."

Alhamdulillahi, nilisema moyoni. Hakujua. Kifua kikanifunguka, nikaona hata njaa. Nikainama kuchukua dumu nikalioshe, na kwenye kifuniko nikaona tundu jipya, la msumari.

Naapa sikumtega. Niliuliza kama mtu anayeuliza habari za mvua.

"Na kifuniko hiki kimetobokaje?"

"Nimekitoboa mimi asubuhi," alijibu, macho kwenye kisu. "Barabara ile ina mashimo. Tembo likitikiswa kwenye pikipiki na halina pa kupumulia, dumu linavimba mpaka linapa—"

Kisu kikasimama. Tembo lenye chokaa halivimbishi dumu, na hilo hakuna mgema asiyelijua.

Nikarudi jikoni kwa sababu miguu ilitaka kwenda mahali. Nikamimina mkate, nikaweka makaa chini na juu. Bibi zetu waliumua mikate kwa tembo kabla ya hamira ya dukani. Kilevi chake moto hukifukuza, karibu chote. Nililia nikipepea makaa, na nilimchukia, na nilitamani nisingeuliza.

Mkate ukatoka mwekundu juu, laini, una vijitundu kila mahali. Sijawahi kuupika ukawa mzuri vile.

Nikamkatia kipande cha kwanza, nikampelekea uani pamoja na shuka lake.

"Nenda kwa kaka yako Haruni," nilimwambia. "Mimi eda yangu imeanza."

Alikipokea kwa mikono miwili na kusema ahsante, kama mgeni.